Kabla ya Kutia Sahihi: Mwongozo Kamili wa Ridhaa ya Jamii za Asili juu ya Ardhi Yao

Karatasi ya kwanza ambayo watu wa mradi huileta kijijini si mkataba. Ni orodha ya mahudhurio, yenye safu ya jina, namba ya kitambulisho, simu na sahihi au alama ya dole gumba, na mara nyingi mstari wa juu unaopaswa kutaja madhumuni ya kikao huachwa wazi. Watu husaini kwa sababu posho na chai hutolewa kwa kufuata majina, na kwa sababu kukataa kuandika jina mbele ya mgeni huonekana kuwa utovu wa adabu. Miezi kadhaa baadaye karatasi ileile huibuka ikiwa kiambatisho cha ripoti, na juu yake yamechapwa maneno yanayosema kwamba jamii imeridhia.

Jambo hili halijatungwa. Katika kesi ya watu wa Sarayaku, ambao ni Wakichwa wa Amazoni nchini Ekwado, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika ilielezwa jinsi kampuni ya mafuta ilivyopeleka msafara wa matibabu katika vijiji, na jinsi waliotibiwa walivyotakiwa kusaini orodha iliyokuja kugeuzwa barua ya kuunga mkono kazi za kampuni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa jamii, makatibu wa vikao na vijana wanaojua kusoma ambao huombwa kutafsiri, na unafuata safari ya ridhaa tangu kabla ya mgeni kufika hadi baada ya sahihi.

Maana ya kipimo chenyewe

Kipimo kinachotumika duniani ni ridhaa ya hiari, ya awali na yenye taarifa. Ya hiari ina maana kwamba hakuna vitisho, rushwa wala kiongozi aliyepachikwa na mwombaji, yaani yule anayetaka kuitumia ardhi. Ya awali ina maana kwamba jamii huulizwa kabla leseni haijatolewa na kabla mashine haijaingia, wakati jibu la hapana bado linaweza kubadili kitu. Yenye taarifa ina maana kwamba waliokubali walielewa walichokubali, kwa lugha yao, pamoja na madhara yake.

Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144 dhidi ya 4, linazitaja hali zinazohitaji ridhaa hiyo. Kifungu cha 10 kinakataza kuhamisha watu kwa nguvu, na kinasema kwamba hawahamishwi bila ridhaa yao na makubaliano juu ya fidia ya haki. Kifungu cha 29 kinahusu kutupa au kuhifadhi vitu vya hatari katika ardhi yao. Kifungu cha 32 kinaitaka dola ishauriane nao kwa nia njema, kupitia taasisi zao wenyewe, ili kupata ridhaa kabla ya kuidhinisha mradi wowote unaogusa ardhi na rasilimali zao, hasa madini na maji. Azimio si mkataba wa kimataifa unaozifunga nchi kwa saini, na mawakili wa upande wa pili hulisema hilo mapema. Hata hivyo mahakama na kamisheni za haki za binadamu zimelitumia kutafsiri mikataba ambayo nchi hizo zimesaini, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Mfano wa karibu ni wa Waendorois wa Ziwa Bogoria nchini Kenya, nao utatufuata katika hatua kadhaa. Miaka ya 1970 serikali ilitenga ardhi yao kuwa hifadhi ya wanyama, wakaondolewa kwenye malisho, miti ya dawa na mahali pao pa ibada. Malalamiko yao, namba 276/2003, yalipelekwa kwenye Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliowapa haki ukatangazwa mwaka 2010. Kamisheni ilisema kwamba kwa mradi mkubwa ndani ya ardhi ya jamii kama hiyo, wajibu wa dola hauishii kwenye kushauriana bali ni kupata ridhaa, kwa kufuata mila na desturi za jamii husika.

Hatua ya kwanza: wekeni ushahidi wa ardhi kabla hamjaulizwa

Wengi hudhani kwamba asiye na hatimiliki hana la kusema. Katika shauri la Waendorois, kama katika mashauri ya Amerika yaliyotangulia, msimamo ulikuwa kwamba haki ya jamii inatokana na kuikalia na kuitumia ardhi kimila, na kwamba hati huithibitisha haki hiyo bila kuizalisha. Ila haki isiyoonyeshwa ni rahisi kukanwa. Tembeeni mipaka mkiwa na wazee, vijana wenye simu inayosoma jira za GPS, na majirani wa kila upande, kwa sababu mpaka ambao jirani hajaukubali utakuwa mwanya wa kwanza ambao mwombaji atautumia. Wekeni alama si mahali pa kuishi tu, bali pia pa matumizi ya msimu: njia za mifugo, chumvi ya kulambwa, mizinga ya nyuki, makaburi, visima vya kiangazi. Eneo linalotumiwa miezi 3 kwa mwaka ndilo huandikwa katika ripoti za watafiti kuwa ardhi tupu.

Kando ya kila alama andikeni nani hupatumia, lini, na tangu enzi ya nani. Sehemu za siri za ibada zinaweza kuonyeshwa kwa duara pana bila nukta kamili. Nakala moja ibaki kwenye jamii na nyingine iwekwe nje, kwa mtu au taasisi mnayoiamini, kwa kuwa ramani iliyopo kwenye simu moja hupotea pamoja na simu hiyo.

Hatua ya pili: andikeni utaratibu wenu wa kuamua

Hapa ndipo ninapowashauri watu watumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu jamii isiyo na utaratibu ulioandikwa hupewa utaratibu wa mwombaji. Yeye ndiye atakayechagua siku, ukumbi, mkalimani na “wawakilishi”, kisha ataandika kwamba taratibu za kienyeji zilizingatiwa. Wawajãpi wa Brazili walitangaza itifaki yao ya mashauriano mwaka 2014, na jamii nyingine nchini humo zikafuata. Nyaraka za aina hii ni fupi na huandikwa kwa lugha ya kawaida, nazo humweleza mgeni, hatua kwa hatua, jinsi jamii inavyotaka kuulizwa.

Itifaki yenu ijibu kwanza swali la nani anaamua. Kuna maamuzi ambayo mzee wa ukoo anaweza kuyatoa peke yake, kama kumruhusu mtu apite na mifugo, na kuna yasiyo ya mtu mmoja wala ya kamati. Andikeni wazi kwamba mwenyekiti, chifu, diwani na mwakilishi wa shirika hawana mamlaka ya kutoa ridhaa kwa niaba ya jamii, na kwamba kazi yao ni kupokea barua na kuifikisha mkutanoni. Sentensi hiyo moja inaweza kuwaokoa hata wao, maana kiongozi anayebanwa ofisini mjini hupata la kusema.

Kisha elezeni jinsi wanawake na vijana watakavyosikika. Katika jamii nyingi wanawake ndio wanaoteka maji na kuchuma dawa, yaani ndio watakaoguswa kwanza na chanzo kilichochafuliwa, lakini mkutano mkuu huwapa nafasi ya nyuma. Njia inayofanya kazi bila kuvunja mila ni kufanya vikao vyao wenyewe kwanza, na hoja zao zisomwe mkutanoni kabla wanaume hawajaanza kuzungumza. Wale walio mbali na mifugo nao wapewe muda wa kurudi. Itifaki ikitaja miezi ambayo mashauriano hayafanyiki, mwombaji hawezi kuleta mkutano wa haraka wakati nusu ya watu wako malishoni.

Idadi nayo iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016, katika kifungu cha 36, inataka makubaliano na mwekezaji yaidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya ombi hilo na wenye akidi ya thuluthi mbili. Kwa jamii yenye watu wazima 900, mkutano hauna uzito kabla hawajafika 600. Kamati ya watu 15 iliyokutana hotelini haijakaribia hata kidogo. Mahali ambapo sheria ya nchi haina kiwango, jamii ijiwekee chake, au ieleze namna yake ya kufikia mwafaka ikiwa kura si desturi yao. Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, husema katika kiwango chake cha 7 kwamba ridhaa haihitaji lazima kila mtu akubali. Basi msipoeleza ninyi mwafaka wenu unapimwaje, mwingine atawapimia.

Mwisho, semeni ukimya una maana gani. Katika mila nyingi mtu haambiwi hapana usoni. Huambiwa “tutaona” au “tumesikia”. Mgeni huandika kwamba hapakuwa na pingamizi. Itifaki iseme: ukimya si ridhaa, na jibu la jamii ni lile lililoandikwa na kusomwa mkutanoni.

Hatua ya tatu: kikao cha kwanza

Kikao cha kwanza ni cha kumjua mgeni tu. Aulizwe yeye ni nani, nani anamlipa, benki gani zinamkopesha, na ana kibali gani mkononi tayari. Jibu la swali la mwisho ndilo hufichua mengi. Kama leseni ya utafutaji imeshatolewa kwa eneo lenu, mashauriano hayo si ya awali tena, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari siku hiyohiyo. Katika shauri la Sarayaku mkataba wa mafuta ulisainiwa mwaka 1996 bila jamii kuulizwa, na mambo yote yaliyofuata yalikuwa ya kujaribu kuziba pengo hilo.

Aulizwe pia serikali iko wapi. Katika hukumu ya shauri hilo ya tarehe 27 Juni 2012, Mahakama ya Amerika ilisema kwamba wajibu wa kushauriana ni wa dola, na haukwepeki kwa kuukabidhi kwa kampuni binafsi, hasa ile yenye maslahi katika rasilimali yenyewe. Kampuni inaweza kuja na kueleza mradi wake. Haiwezi kuwa mwombaji, mwenyekiti wa kikao na shahidi wa ridhaa kwa wakati mmoja.

Kuhusu orodha ya mahudhurio, dawa ni nyepesi. Katibu wa jamii aandike kwa mkono, juu ya kila ukurasa na kabla ya jina la kwanza, tarehe, mahali, na maneno haya: “Sahihi hizi zinathibitisha kuhudhuria kikao tu. Hazina maana ya kukubali mradi.” Nafasi tupu zilizobaki chini ya jina la mwisho zipigwe mstari, na ukurasa upigwe picha kabla haujaondoka. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho ofisa wa mradi alikataa karatasi yenye maneno hayo akidai kwamba imeharibika, akatoa nyingine safi. Mama mmoja aliyekuwa mbele akamuuliza imeharibikaje wakati yaliyoandikwa ni kweli. Kikao kiliishia hapo, na kwa maoni yangu kiliishia pazuri.

Posho, chakula na matibabu vinavyoletwa na mwombaji wakati maamuzi hayajafanyika vinafaa kukataliwa, au gharama zilipwe kwa kiasi kilichotangazwa, kupitia mtu wa tatu, kwa wote sawa, wanaokubali na wanaopinga. Wasarayaku waliahidiwa dola 60,000 za miradi ya maendeleo pamoja na ajira 500 kwa wanaume, na mkutano wao mkuu ukakataa. Kampuni ilipoona mlango mkuu umefungwa ikawaendea watu na vijiji kimojakimoja. Dalili ya hatari ni hiyo hasa: mgeni anapoacha kuandika barua kwa jamii na kuanza kutembelea nyumba.

Hatua ya nne: dai taarifa, kisha pimeni kama zimeeleweka

Ombeni kwa maandishi ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii ikiwa kamili, pamoja na muhtasari katika lugha yenu, na ramani ya mradi iliyowekwa juu ya ramani mliyoichora katika hatua ya kwanza. Ramani hizo mbili zikikaa pamoja, mazungumzo hubadilika. Badala ya kusikia kwamba mradi utachukua “hekta 300 tu”, watu wanaona kwamba hekta hizo ndizo njia pekee ya mifugo kufikia maji wakati wa kiangazi. Ulizeni maji kiasi gani yatachotwa kwa siku na kutoka wapi, taka zitawekwa wapi, barabara itapita wapi, mradi utadumu miaka mingapi, na ardhi itarudishwaje ukimalizika. Katika kesi ya Wasaramaka dhidi ya Suriname ya mwaka 2007, mahakama ileile ya Amerika ilitaka tathmini ifanywe kabla ya kibali kutolewa, na chombo huru chenye ujuzi chini ya usimamizi wa dola. Tathmini iliyoandikwa na mtu anayelipwa na mwombaji peke yake isomwe pia na mtaalamu mliyemchagua ninyi, hata kama gharama zake zinatoka kwa mwombaji.

Kutoa taarifa si kueleweka. Kamisheni ya Afrika iliona kwamba wawakilishi wa Waendorois walikuwa watu wasiojua kusoma, ambao hawakuwa katika nafasi ya kuelewa nyaraka zinazohusu mradi, na kwamba jamii iliarifiwa jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Kipimo ninachokitumia hakihitaji mtaalamu. Baada ya maelezo, wageni watoke nje, na watu 5 au 6 wa rika tofauti waombwe kueleza mradi kwa maneno yao: nini kitajengwa, wapi, nani atahama, tutapata nini, tutapoteza nini, na nani atajibu likiharibika. Majibu yao yakigongana, au wote wakikumbuka ajira na hakuna anayekumbuka maji, taarifa bado haijafika, na mchakato unarudi nyuma. Chungeni pia mkalimani. Maneno kama “kukodisha” na “kuuza” hayana tofauti katika kila lugha, na neno moja likikosewa hapo, mkataba mzima umekosewa.

Hatua ya tano: amueni faraghani, jibuni kwa maandishi

Mjadala wa uamuzi usihudhuriwe na mwombaji, polisi wala ofisa wa serikali. Majibu hayako mawili tu. Jamii inaweza kukubali, kukataa, kukubali sehemu moja na kukataa nyingine, kukubali kwa masharti, au kusema kwamba haijawa tayari kujibu. Hili la mwisho ni jibu halali, ingawa waombaji hulichukia kuliko kukataliwa, kwa kuwa ratiba ya mkopo wao ina tarehe. Jibu lisomwe kwa sauti, liandikwe pamoja na idadi ya waliokuwapo na hoja za waliopinga, na ridhaa ya hatua moja isichukuliwe kuwa ya hatua zote: kuruhusu utafutaji wa madini si kuruhusu mgodi.

Hatua ya sita: ridhaa iingie kwenye mkataba unaohesabika

Waendorois walieleza mbele ya Kamisheni kwamba waliahidiwa viwanja, asilimia 25 ya mapato ya utalii na asilimia 85 ya ajira za hifadhi, na kwamba kilichofika ni malipo ya takriban shilingi 3,150 kwa kila familia, kwa familia 170 kati ya zaidi ya 400. Ahadi zile zilikuwa na tarakimu nzuri. Zilikosa karatasi, tarehe na mtu wa kudaiwa.

Kila faida, basi, iandikwe ikiwa na kiasi, tarehe ya kulipwa, akaunti ya jamii itakayopokea na adhabu ya kuchelewa. Gawio lihesabiwe kwa mapato ghafi kabla ya kutoa gharama, kwa sababu faida halisi ni namba inayotengenezwa na mhasibu wa kampuni na inaweza kuwa sifuri miaka 10 mfululizo. Ukodishaji uwe na mwisho na usifungue njia ya kuhamisha ardhi kwa mtu mwingine bila kuwarudia ninyi. Yawepo masharti ya kusimamisha kazi, kwa mfano maji ya kisima fulani yakishuka chini ya alama iliyopimwa kabla ya mradi, na jamii iwe na haki ya kuingia na kupima.

Hatua ya saba: mkipuuzwa

Tuseme wazi kwamba kukataa hakuzuii kila mradi. Nchi nyingi huyaweka madini ya chini ya ardhi mikononi mwa dola, na serikali hubishana kwamba ridhaa si kura ya turufu. Katika kesi ya Wasaramaka, mahakama iliitaka ridhaa kwa miradi mikubwa yenye athari kubwa, na mashauriano ya kweli kwa ile midogo, hivyo ubishi wa kwanza mara nyingi huwa juu ya ukubwa. Kazi yote ya hatua zilizotangulia, yaani ramani, itifaki, mihutasari na picha za orodha, inakuwa ushahidi hapa.

Anzeni na barua kwa mamlaka iliyotoa kibali, kisha mahakama za nchi, kwa sababu vyombo vya kikanda huuliza kwanza kama njia za nyumbani zimetumika. Wakati huohuo angalieni benki zinazokopesha. Mradi wenye fedha za Benki ya Dunia unaweza kulalamikiwa kwenye Jopo la Ukaguzi, kama Wasengwer wa Kenya walivyofanya mwaka 2013, na njia hiyo haihitaji wakili wala haisubiri miaka ya mahakama. Njia ya mahakama ni ndefu. Waogiek wa Mau walipewa notisi ya siku 30 ya kuondoka msituni mwaka 2009, Mahakama ya Afrika ikawapa ushindi tarehe 26 Mei 2017, na amri ya fidia ikatoka Juni 2022.

Ushindi nao unahitaji kulindwa kwa itifaki ileile. Mwaka 2011, mwaka mmoja tu baada ya uamuzi wa Bogoria kutangazwa, ziwa hilo liliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia bila Waendorois kupewa nafasi ya kutoa ridhaa, na Kamisheni ya Afrika ikalazimika kutoa azimio la kulalamikia jambo hilo Novemba mwaka huohuo. Safari hii hapakuwa na kampuni, wala mashine, bali maombi ya heshima ya uhifadhi. Kwa hiyo katika sehemu ya itifaki inayotaja mambo yanayohitaji ridhaa, kando ya madini, mabwawa na mashamba makubwa, andikeni pia hifadhi, urithi, utafiti na biashara ya hewa ya ukaa.